Buriani Mwalimu wetu wa UPE, uliyetufundisha L kwa punje za sukari

Wiki hii sina habari za wasanii wala za nani kamwacha nani. Jumamosi tulimzika mwalimu wangu wa darasa la kwanza, mzee wa miaka 66, nyumbani kwake huku kwetu Tarime. Jina lake silitaji maana familia haipendi mambo ya mitandaoni, na mimi nimewaelewa. Waliosoma pale shuleni kwetu watamjua tu wenyewe kabla hawajafika katikati.

Msibani nilipewa dakika tatu niseme neno kwa niaba ya wanafunzi wake. Mwongoza ratiba alikuwa anaangalia saa kama refa wa fainali, kwa hiyo nilisimulia kumbukumbu moja nikakaa. Lakini kuna kitu kwenye wasifu wa marehemu kilinikaa kooni mpaka leo, ndiyo maana naandika.

Wasifu ulisomwa vizuri tu, kazaliwa mwaka gani, kaacha mke, watoto na wajukuu wangapi. Ulipofika kwenye kazi ukasema hivi: "Mwaka 1976 alijiunga na ualimu." Nukta. Halafu ukaruka miaka kama ishirini na kitu, ukaja kwenye cheti cha Daraja la Tatu A na kustaafu kwake mwaka 2019. Nyuma yangu kulikuwa na vijana wawili, mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Si alikuwa UPE huyu?" Wakacheka ile ya puani.

Hapo nikaelewa kwa nini walioandika wameruka. Tanzania hii ukimwita mwalimu UPE ni kama umemtukana. Watu walishazigeuza zile herufi tatu zikawa "Ualimu Pasipo Elimu". Kwa hiyo familia walikuwa wanamsitiri mzee wao, na siwalaumu. Ila mwenyewe hakuwahi kujisitiri. Alikuwa anasema "mimi ni UPE" kama mtu anavyotaja ukoo wake. Na ile nusu sentensi waliyoipita haraka ndiyo iliyomfanya awe mwalimu wa aina ile. Naomba niijaze hapa, hapa hakuna wa kuniangalia saa.

Baada ya kustaafu kwake nilikuwa nakwenda sana pale kwake. Mimi nikimaliza kidato cha nne nilijifundisha kufungua simu na redio, na redio yake ilikuwa mgonjwa wa kudumu. Nikawa naitengeneza huku yeye anapiga stori. Alikuwa na sanduku la bati chini ya kitanda, siku moja akalivuta akanionyesha makaratasi ya njano yaliyojikunja pembeni. Akasema, "Mura, hiki ndicho chuo changu."

Ilikuwa hivi. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa hapa hapa mkoani kwetu, Musoma, ikaamua kwamba watoto wote wenye umri wa kwenda shule waanze shule kufikia mwaka 1977. Hilo ndilo Azimio la Musoma. Mpango wa mwanzo ulikuwa jambo hilo litimie mwaka 1989, kwa hiyo walilivuta karibu kwa zaidi ya miaka kumi. Mpango wenyewe ndiyo ukaitwa UPE, elimu ya msingi kwa wote. Ukileta watoto wote kwa mpigo unahitaji walimu maelfu kwa maelfu, na vyuo vilivyokuwepo visingeweza kuwatoa kwa muda ule. Ndipo serikali ikachukua vijana waliomaliza darasa la saba, ikawafundisha ualimu huko huko vijijini wakiwa kazini.

Mzee wetu alimaliza darasa la saba mwaka 1975. Mwaka uliofuata akachaguliwa, ana miaka 17, akapelekwa shule moja ng'ambo ya Mto Mara, wilaya ya Serengeti. Asubuhi anashika chaki mbele ya watoto ambao wengine wanamkaribia kimo. Mchana anakaa kwenye dawati lile lile, sasa yeye ndiye mwanafunzi, anafundishwa na mwalimu mzoefu. Masomo mengine yalikuja kwa posta, anajibu maswali kwenye karatasi anarudisha. Mengine yalikuja kwa redio. Alisema walikuwa vijana kadhaa wanaizunguka redio moja, kila mtu na daftari, na betri zikianza kuchoka wanazitoa wanazianika juani ili zisukume kipindi kimoja zaidi. Mwishoni wakapelekwa chuoni kwa muda mfupi, wakafanya mitihani, akatoka na Daraja C.

Ni kweli mafunzo yale yalikuwa mepesi kwa mtu aliyeishia darasa la saba. Yeye mwenyewe aliniambia hesabu za darasa la sita zilimtoa jasho miaka mingi, ndiyo maana aliomba abaki madarasa ya chini. Wanaowabeza hawakosi cha kusema. Ila hiyo redio, wadau, ndiyo stori yenyewe.

Sisi Wakurya hatuna L. Sikutanii. Chukua majina yetu ya kila siku, Marwa, Mwita, Chacha, Bhoke, Ghati, Robi, kaa chini uitafute L humo. Lugha yetu ina R peke yake, na mtoto aliyekulia kwenye lugha yenye R peke yake hasikii tofauti ya hizo mbili. Masikio yake yanaziweka kapu moja. Hata lile zeze letu la nyuzi nane tunaliita iritungu, redioni wanaliita litungu, na mzee wa kijijini ukimwambia kuna tofauti anakushangaa. Ndiyo maana mtu wa Mara akifika Dar akisema anaenda "kurara", wanamcheka mpaka anashuka kwenye daladala.

Mwalimu naye alikulia hivyo hivyo. Alifika kwenye ualimu akisema "mwarimu". Akaniambia alianza kuisikia L akiwa na miaka 17, kwenye redio, kwa watangazaji wa Radio Tanzania Dar es Salaam. Kwa kuwa maneno aliyokuwa anayasikia alikuwa nayo pia kwenye karatasi ya posta, akawa anafuata kwa kidole. Anasikia "kalamu", anaangalia karatasi, kuna L. Anasikia "karamu", anaangalia, kuna R. Alisema ilimchukua miezi. Siku moja masikio yakafunguka, akasikia ni sauti mbili, akashangaa wameishije miaka yote ile wakidhani ni moja.

Sasa fikiria. Mwalimu aliyezaliwa na L mdomoni hawezi kujua kwa nini mtoto anaikosa. Anadhani mtoto ni mvivu au mkaidi, anamchapa. Huyu wetu alikuwa anajua njia yote maana aliipita mwenyewe akiwa mtu mzima.

Mimi niliingia darasa la kwanza mwaka 2007. Tulikuwa zaidi ya mia kwenye chumba kimoja, wengine chini kabisa. Wakati huo mzee alishavuka mto, amehamia huku Tarime, na ana Daraja A. Ulipokuja ule mpango wa MMEM kuanzia 2002, walimu wa madaraja ya chini walitakiwa kujiendeleza, basi akajisomea, akafanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, ana miaka 45, kakaa chumba kimoja na vijana wa umri wa watoto wake. Hiyo familia waliisoma kwenye wasifu kwa sauti kubwa, na wana haki.

Lakini alivyotufundisha sisi hakukutoka kwenye Daraja A.

Alianza na masikio, hakugusa midomo yetu kabisa. Anasimama ametugeuzia mgongo ili tusione mdomo wake, anasema neno moja. Akisema "kalamu" unainua penseli juu. Akisema "karamu" unashika tumbo, maana karamu ni kula. Siku za mwanzo darasa zima tulikuwa tunakisia tu, penseli na matumbo kwa mkupuo mmoja, yeye anacheka. Hakuna aliyechapwa. Baadaye akaleta "mahali" na "mahari". Mahali unaonyesha chini kwa kidole. Mahari unaweka mikono kichwani kama pembe za ng'ombe. Jamani, mpeleke mtoto wa Kikurya kwenye mchezo wenye ng'ombe uone kama atasinzia. Tulikuwa tunakwenda nyumbani tunaucheza njiani.

Ilichukua wiki nyingi kabla hatujaambiwa tuseme chochote. Nilipokuja kumuuliza kwa nini, nikiwa nachomelea waya wa redio yake, akasema ulimi unafuata sikio, na kumlazimisha mtoto atamke kitu asichokisikia ni kumfundisha kuogopa shule.

Halafu ndiyo ikaja sukari, na hii ndiyo niliyoisimulia msibani.

Asubuhi moja alikuja na sukari kwenye karatasi, imefungwa vile dukani wanavyofunga ya robo. Sukari ya mfukoni kwake. Akaweka ndoo ya maji na kata mlangoni, akaita kundi la kwanza, watoto kama kumi na tano, nami nikiwemo. Tukanawa. Akapita kila mmoja anamdondoshea punje chache kwenye ncha ya kidole. Akasema tusilambe, atakayelamba atarudi nyuma ya mstari. Tuziweke kwenye lile tuta dogo la ufizi, nyuma kabisa ya meno ya juu ya mbele. Kisha tupandishe ncha ya ulimi pale pale kwenye utamu, tuikandamize, isitoke. Na bila kuitoa tutoe sauti.

Ikatoka "lllll".

Yeye akawa anatembea polepole kutoka mlangoni mpaka ubaoni, na sisi tunatakiwa tuishikilie ile sauti mpaka aguse ubao. L unaweza kuishikilia hivyo hata pumzi ikuishie, kwa sababu ulimi umekaa na hewa inapita pembeni. R yetu huwezi. Ile ulimi unagonga mara moja unakimbia, kama mtu anayebisha hodi na kutoroka. Akatuambia, "L anakaa kula sukari. R anagonga anaondoka." Watoto wa miaka saba, maelezo gani mengine unayahitaji?

Nakumbuka utamu ukiyeyuka na kuteremka kooni, sauti inatikisika kwenye meno, na mwenzangu pembeni udenda unamshuka mpaka kwenye kola lakini ulimi hajautoa. Mzee alipofika ubaoni akaandika L moja kubwa, akageuka, akasema, "Hiyo mliyoshika mdomoni ndiyo hii." Nilikuwa nimeshaiandika ile herufi mara nyingi tu kwenye daftari. Siku ile ndiyo niliijua kwamba ina sauti yake.

Kesho yake kundi la pili. Makundi yalikuwa saba au zaidi, na sukari haikupungua kipimo mpaka kundi la mwisho. Mke wake pale msibani aliniambia kila mwaka muhula ule chai ya nyumbani ilikuwa ya strungi isiyo na kitu, akawa anajua tu, "wameanza L."

Baada ya hapo likaja jambo ambalo mwalimu mwingine angelikasirikia. Tulipoanza imla, tuliokuwa tunaandika "karamu" kwa kila kitu tukaanza kuandika "lafiki", "balabala", "lubani". Yaani L imetukolea, tunaipachika hata pasipo pake. Mkaguzi angeona darasa limerudi nyuma. Mzee alikuwa anafurahi. Aliniambia huwa anayatenga madaftari mafungu mawili. Mtoto anayekosea upande mmoja tu, kila L anaifanya R, huyo bado hajasikia, mrudishe kwenye penseli na tumbo. Mtoto anayekosea pande zote mbili, leo "karamu", kesho "lafiki", huyo ameshajua sauti ni mbili, bado tu hajajua ipi inakaa wapi. Huyo hahitaji tena sukari, mpe maneno mengi ya kusoma, macho yatamaliza kazi. Mimi sijasomea ualimu, ila nimewahi kuwahadithia walimu wawili vijana jambo hili, wote wakatoa kalamu wakaandika.

Wapo ambao haikuwakaa. Tulimaliza darasa la saba na wenzetu wanaosema "nakura ugari" kama siku ya kwanza, na mpaka leo wanasema, wana boda boda zao, wana ng'ombe zao, maisha yanaenda. Hao hakuwasumbua. Alichokuwa anakitaka ni mtoto aandike sawa, kwa sababu kwenye mtihani msahihishaji hakuoni uso, anaona "kura" mahali pa "kula" anakata. Kuhusu ulimi alisema kila mtu atembee na wake. Yeye mwenyewe akiwa darasani L yake ilikuwa kama ya mtangazaji. Akiwa kilabuni na rika lake, au akimwita mtu ng'ombe wameingia shambani, L yote ilikuwa inabaki ofisini.

Mimi kuandika nimejifundisha mwenyewe, kwa simu, usiku. Kuna watu huniandikia wakiuliza kama kweli mimi ni mtu wa Tarime mbona sichanganyi herufi. Wengine wanadhani nimekulia Dar. Sijawahi kuishi Dar, nimepita tu stendi. Huwa nawajibu nilifundishwa na UPE, wanadhani natania.

Basi, Jumamosi. Jeneza lilitolewa ndani saa nane, mchungaji akamaliza neno lake bila haraka. Walikuwepo walimu wastaafu wenzake, wazee saba hivi, mmoja katokea Mugumu kwa basi la alfajiri. Huyo alikuwa naye kwenye ile redio ya mwaka 1976. Hakuomba kipaza sauti. Alisimama tu karibu na kaburi, kofia mkononi.

Lile sanduku la bati amelichukua binti yake wa pili, ambaye naye ni mwalimu. Nilimwomba anipe karatasi moja nipige picha, akasema nije wiki ijayo tukae vizuri, tuyapange yote kwa miaka. Nitakwenda.

Ikafika zamu ya kutupa udongo. Wajukuu walitangulia, wakafuata wanafunzi, na wanafunzi tulikuwa wengi kuliko nilivyotarajia, wengine wana mvi. Mwisho wakaja wazee wa rika lake. Kila mmoja alichota udongo kwa kiganja, akainama kidogo, akauachia taratibu. "Rara sarama, Mwarimu," wakawa wanasema, mmoja baada ya mwingine. Jua lilikuwa limeshalegea upande wa ziwani na upepo umetulia. Tukashika majembe, tukafukia, na wanawake wakaanza kuimba polepole wakielekea jikoni.